Bradford ya ekstrakti ya hamira: kwanini ukizimua unapata namba nyingine kabisa

*Shikamoo dokta. Nimefanya Bradford ya ekstrakti ya hamira kupima protini, standadi za BSA, ile protini ya damu ya ng'ombe, 0 mpaka 1.0 mg/ml, R² imetoka 0.99 nikafurahi. Sa ekstrakti nikiisoma ilivyo inatoa 0.93, kwa grafu hiyo ni 1.5 mg/ml, ila nikiizimua mara 10 inasoma 0.225, nikizidisha kwa 10 napata kama 3.3. Chupa ni ileile! Niandike lipi kwenye ripoti? Bafa ya kuvunjia seli ina Triton X-100 asilimia 1, blanki nilitumia maji. Jedwali nimeambatanisha.*

Marahaba mdogo wangu. Usiandike hata moja kwanza. Ile 1.5 ni ya kutupa kabisa, hiyo 3.3 imekaribia ila nayo ina makosa mawili ndani yake, moja liko kwenye grafu na lingine liko kwenye blanki, na hilo la blanki ndo baya zaidi kwa sababu halijionyeshi lenyewe, mpaka ulitafute.

Tuanze na ile 0.93. Standadi yako ya juu kabisa, 1.0 mg/ml, imesoma 0.600. Yaani kuanzia 0.600 kwenda juu hujapima kitu chochote, ule mstari unaouona umeendelea mpaka kule ni Ekseli imeuchora, hakuna kuveti hata moja iliyosimama pale kuthibitisha. Grafu ya standadi kazi yake ni kulinganisha tu: unasema rangi ya sampuli yangu iko kati ya rangi ya standadi hii na ile, kwa hiyo protini yake nayo iko kati ya hizo mbili. Sampuli ikishazidi standadi ya mwisho hakuna tena cha kulinganisha nacho. Na kwa Bradford hasa hali ni mbaya zaidi kuliko njia nyingine, kwa sababu kule juu rangi yenyewe inaishiwa nguvu.

Hapa ngoja nieleze kidogo maana ukielewa hii rangi mengine yote yanafunguka. Kwenye chupa imeandikwa Coomassie Brilliant Blue G-250, jina limetoka kwenye mji wa Kumasi kule Ghana, ilikuwa rangi ya kutia nguo za sufu kabla Marion Bradford hajaitumia kupima protini mwaka 1976. Ikiwa ndani ya tindikali ya fosforiki yenye pombe inakuwa ya kahawia, inanyonya mwanga zaidi kwenye nanomita 465. Ikishika protini, hasa pale penye asidi amino ya ajinini, inageuka bluu na kilele chake kinahamia 595, ndo maana tunasoma pale. Sasa kwenye kuveti yako una mililita 1 ya rangi, ina kiasi fulani cha kumasi na hakiongezeki. Protini ya kwanza inakuta rangi huru imejaa tele, inashika kirahisi. Protini ikiwa nyingi zinagombania rangi ileile iliyobaki, kwa hiyo kila mikrogramu unayoongeza inaleta bluu kidogo kuliko ile iliyotangulia. Alafu kuna jambo la pili, ile kahawia nayo inanyonya kidogo pale 595 (weka blanki ya ritejenti peke yake dhidi ya maji utaona inasoma kitu), na inavyogeuka bluu ule mchango wake unapungua. Kwa hiyo Bradford kwa asili yake INAPINDA. Sio kwamba umekosea kupipeti.

Ndo maana nasema R² ya 0.99 isikupe raha. Angalia namba zako: 0.1 imesoma 0.080, 0.2 imesoma 0.155, 0.4 imesoma 0.295, 0.6 imesoma 0.415, 0.8 imesoma 0.515 na 1.0 imesoma 0.600. Kati ya 0 na 0.2 kila 0.1 mg/ml inakupa kama 0.078. Kati ya 0.8 na 1.0 kila 0.1 inakupa 0.0425 tu. Mteremko umepungua karibu nusu, na bado R² inasema 0.99! Hii R² inajali tu kwamba vitu vyote viwili vinapanda pamoja, mpindo mdogo kama huu haiuoni. Ekseli ikakupa hii:

```
y = 0.604x + 0.027
```

Ile 0.027 mwishoni ilitakiwa ikushtue. Uliweka sifuri kwenye blanki, blanki imesoma 0.000, sa mstari unadai kwamba pasipo na protini kuna 0.027, imetoka wapi? Imetoka kwenye mstari mnyoofu kulazimishwa juu ya kitu kilichopinda. Kipimo ninachokiamini mimi ni hiki: chukua kila standadi, piga hesabu mstari unasema ingesoma ngapi, alafu toa na uliyosoma kweli. Kwa zako, pale 0 na 0.1 namba halisi ziko chini ya mstari, kuanzia 0.2 mpaka 0.8 ziko juu ya mstari zote, pale 1.0 inarudi chini tena (mstari unasema 0.631, wewe umesoma 0.600). Chini, chini, juu, juu, juu, juu, chini. Makosa ya mkono hayajipangi hivyo, makosa ya mkono yangerukaruka ovyo. Ukiona yamejipanga kama upinde ujue umbo la mstari ndo sio.

Dawa ziko mbili, mimi napenda ya kwanza. Tumia kipande cha chini tu ambacho kweli kimenyooka, kwako ni 0 mpaka 0.4, alafu zimua sampuli mpaka iangukie humo. Weka viwango kwenye safu ya A na absobansi kwenye B, ukianzia mstari wa 2 na ile sifuri, uandike:

```
=SLOPE(B2:B5,A2:A5)
=INTERCEPT(B2:B5,A2:A5)
```

Utapata 0.734 na 0.004. Umeona ile namba ya mwishoni ilivyokaribia sifuri yenyewe bila kulazimishwa? Hapo roho inatulia. Ila ukirudia zoezi siku nyingine ongeza standadi humo chini, weka 0.05 na 0.3 pia, pointi nne ni chache. Dawa ya pili ni kupitisha mstari uliopinda, ile polinomia ya daraja la pili, inafanya kazi vizuri mradi sampuli iko ndani ya standadi zako, ila ukitoka nje hata kidogo inapinda vibaya kuliko hata mnyoofu, kwa hiyo kwa mtu anayeanza nasema baki chini.

Sasa rudi kwenye ile ya kuzimua mara 10. 0.225 toa 0.004 gawanya kwa 0.734 unapata 0.301, mara 10 ni 3.0 mg/ml. Tayari 3.3 imekuwa 3.0 kwa kurekebisha mstari tu. Na ukizimua mara 20 na mara 40 majibu yatakuja karibu na hapohapo, utasema sawa, nimemaliza.

Hujamaliza. Triton.

Triton X-100 ni sabuni, na sabuni nayo inaigusa kumasi, inaibadilisha rangi bila protini yoyote kuwepo. Asilimia 1 uliyonayo ni nyingi mno kwa Bradford, kwenye vipimo vya kawaida vya mikrolita 20 za sampuli kwa mililita 1 ya ritejenti inavumilia kama asilimia 0.1 hivi na hata hapo inaacha alama. Kwa hiyo ile sampuli uliyosoma bila kuzimua, mbali na kuzidi grafu, ilikuwa inasoma protini pamoja na sabuni. Ile ya mara 10 ina Triton asilimia 0.1, iko ukingoni. Na blanki yako ilikuwa maji, kwa hiyo chochote Triton ilichofanya kimehesabiwa kuwa protini.

Fanya hivi kesho. Chukua bafa ileile ya kuvunjia seli, safi, haijaona hamira. Mikrolita 20 za bafa, 180 za maji, hiyo ni bafa iliyozimuliwa mara 10 sawasawa na sampuli yako. Chukua mikrolita 20 za huo mchanganyiko weka kwenye mililita 1 ya ritejenti, soma dhidi ya blanki ya maji. Tuchukulie imesoma 0.030, nimechagua namba ya mfano tu, ya kwako utaipata wewe. Basi protini halisi kwenye sampuli ya mara 10 ni 0.225 toa 0.030, yaani 0.195. Toa 0.004, gawanya 0.734, unapata 0.26, mara 10 ni 2.6 mg/ml.

Angalia hapa vizuri kwa sababu hata watu wazima maabara wanapita hapa bila kuona. Tuseme umezimua mara 20 kwa maji. Protini inakuwa 0.13 mg/ml, itasoma karibu 0.099, na Triton nayo imepungua nusu kwa hiyo inachangia kama 0.015, jumla 0.114. Ukisahau kutoa ile ya bafa unapata 0.150 mara 20, yaani 3.0. Na mara 10 ulipata 3.0. Zimelingana kabisa! Zimelingana na zote mbili zimezidi kwa kama asilimia 15. Kwa sababu uchafu unazimuka pamoja na protini, mkono kwa mkono. Kuzimua mara kadhaa na kulinganisha kunakuonyesha kama umezidi grafu, kwa hilo ni kizuri sana, lakini hakiwezi kukuonyesha kitu kilichokuja kutoka kwenye bafa. Kinachoonyesha hicho ni bafa yenyewe isiyo na seli, iliyozimuliwa kiwango kilekile. Na usije ukasema basi nizimue kwa bafa badala ya maji ili blanki iwe moja, ukifanya hivyo Triton inabaki asilimia 1 kila mahali na inakula nafasi yote ya rangi, standadi zenyewe zitakusumbua.

Kuna upande wa pili wa hilo, kitu kwenye ekstrakti kinaweza kupunguza rangi badala ya kuongeza, na hapo blanki ya bafa haitakusaidia kwa sababu kitu hicho kimetoka ndani ya seli. Kukijua unapandikiza: chukua sampuli yako ya mara 10 (ile ya 0.26) changanya nusu kwa nusu na standadi ya 0.4. Inatakiwa ikupe 0.13 kutoka kwa sampuli na 0.20 kutoka kwa standadi, jumla 0.33. Ukishatoa ya bafa, ambayo sasa imezimuka mara 20, isome karibu 0.246. Ikisoma hapo basi standadi imeonekana yote, ekstrakti yako haifichi kitu. Ikisoma 0.201 ina maana unaona 0.268 tu, ukitoa 0.13 ya sampuli inabaki 0.138 kati ya 0.20 uliyoweka kwa mkono wako mwenyewe, yaani asilimia 69. Sa kama standadi uliyoiweka wewe inapotea theluthi, na protini ya hamira inapotea vilevile. Hapo unazidi kuzimua mpaka ile asilimia irudi karibu na 100, au unabadilisha njia.

Kubadilisha njia, kama lazima uwe na sabuni nyingi kwenye bafa, tumia BCA, inasomwa 562 na inavumilia Triton hata SDS vizuri sana. Ila yenyewe ina adui zake, DTT na EDTA, kwa hiyo soma kwanza bafa yako ina nini. Nimeona watu wanakimbia Triton wanakwenda BCA na bafa imejaa DTT, wanapata namba kubwa wanashangilia.

Standadi yenyewe nayo uikague, maana kila kitu kimesimama juu yake. Nikiwa nasoma, katika maabara moja niliyofanyia kazi tulikuwa na BSA ya 1 mg/ml kwenye vichupa ndani ya friza. Mimi nikawa nayeyusha, napipeti kutoka juu, narudisha. Kwa wiki kadhaa sampuli zangu zote zilionekana zina protini nyingi isivyo kawaida na niliandika ripoti nzima nikieleza kwanini, nikatafuta sababu za kibaolojia kabisa. Kumbe kimiminika kikiganda alafu kikayeyuka bila kutikiswa protini inakaa zaidi chini, juu kunakuwa kwepesi, kwa hiyo standadi niliyokuwa naiita 1.0 haikuwa 1.0, ilikuwa pungufu, na ukilinganisha sampuli na standadi pungufu sampuli inaonekana kubwa. Ile ripoti iliniuma kwa sababu namba zilikuwa nadhifu sana, grafu imenyooka, mara tatu zote zinakubaliana. Siku hizi kabla ya kutengeneza standadi natikisa kichupa taratibu mpaka kichanganyike, alafu nasoma absobansi yake kwenye 280 kwa kuveti ya kwatzi bila ritejenti yoyote: BSA ya 1 mg/ml kwenye kuveti ya sentimita 1 isome karibu 0.67. Ikisoma 0.5 sitengenezi grafu, natengeneza BSA mpya. Inachukua dakika mbili.

Mambo ya mkono nitayapitia haraka. Ritejenti itoke frijini mapema ifike joto la chumba, uigeuze chupa kabla ya kumimina maana rangi inatulia chini. Ukishachanganya subiri dakika 5, na umalize kusoma zote kabla ya saa moja kupita, kwa sababu baada ya hapo bluu inaanza kuganda na kushuka. Standadi na sampuli zikae muda sawa, usisome standadi saa 4 asubuhi na sampuli baada ya chai. Tumia kuveti za plastiki, kumasi inashika sana kwatzi na kioo, na usome kuanzia nyepesi kwenda nzito. Kila kitu mara tatu, na hizo tatu ziwe umepipeti mara tatu, kusoma kuveti moja mara tatu hakukuambii chochote kuhusu mkono wako.

Ukishapata ile 2.6 (au yako itakayotoka) ndo unarudi kwenye seli. Umeniambia kwenye jedwali ulianza na gramu 0.5 za seli mbichi, ukavunja kwa shanga za kioo ndani ya mililita 5 za bafa, ukazungusha sentrifuji ukachukua cha juu. Basi 2.6 mara 5 ni miligramu 13, gawanya kwa 0.5 ni miligramu 26 kwa kila gramu ya seli mbichi. Hiyo ni protini iliyotoka na kuyeyuka, protini yote ya hamira ni kubwa zaidi, nyingine imebaki kwenye yale mabaki chini ya tyubu na kwenye seli ambazo hazikupasuka, na ukuta wa hamira ni mgumu kweli. Kwa hiyo kwenye ripoti andika "protini iliyoyeyuka", usiandike "protini ya hamira".

Na kitu kimoja cha mwisho cha kuandika pale pale pembeni ya namba: sawa na BSA. BSA inashika kumasi kwa nguvu kuliko protini nyingi, gramu kwa gramu inatoa bluu zaidi, kwa hiyo mchanganyiko wa protini za hamira ukiupima kwa rula ya BSA utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Mwenzako akitumia gama globulini kama standadi kwa ekstrakti hiyohiyo atapata namba kubwa kuliko yako na wote mtakuwa mmepima vizuri. Kama unalinganisha hamira iliyokuzwa kwenye sukari nyingi na ile ya sukari kidogo haina shida, rula ni moja kwa zote mbili. Ila ukitaka kulinganisha na namba ya mtu mwingine, angalia kwanza yeye alitumia standadi gani. Ukishasoma ile blanki ya bafa nitumie namba, tuone kama ni 0.030 yangu ya mfano au ni zaidi.